Wauza "viatu vya manesi", mnatuua miguu!

Wakuu, nimechoka. Nilitoa 65,000 Kariakoo kwa viatu vyeupe vya kufunika, muuzaji akinisifia: "Sista, hivi ni godoro." Dukani kweli vilikuwa godoro. Wiki ya sita godoro limekwisha, naisikia terazo ya wodi moja kwa moja.

Naingia saa mbili usiku, natoka saa mbili asubuhi. Wagonjwa 30, manesi wawili. Ikifika saa tisa kisigino cha kulia kinawaka. Nikilala mchana, hatua ya kwanza nikishuka kitandani ni kama nimekanyaga msumari, kisha maumivu yanapungua nikitembeatembea. Nimejaribu kuvirudisha, muuzaji ananiambia eti mimi ni mzito!

Fundi Kijiweni: Sista, hizo ni sponji za maji ya soda. Leta nikubandikie soli ya tairi, utastaafu nazo.

Mama Wodi 4: Fundi, tairi itadumu, sikatai, lakini ni ngumu kama hiyo terazo yenyewe. Mdogo wangu, mimi navaa yeboyebo za matundu, nyepesi na zinaoshwa.

Mnyoosha Viungo: Mama, matundu hayo siku sindano ikidondoka au damu ikimwagika utayajutia. Dada mwenye uzi, maumivu ya hatua ya kwanza mara nyingi ni utando wa unyayo, pale unaposhikana na mfupa wa kisigino. Ulaini wa dukani ndio uliokudanganya. Bonyeza ndani ya kisigino kwa kidole gumba: kikizama mpaka chini bila kukusukuma, sponji hiyo italala upesi. Halafu shika kiatu ncha na kisigino, ukikunje. Kinatakiwa kupinda penye vidole tu. Na kajaribu viatu ukitoka zamu, mguu ukiwa umevimba, si asubuhi ya siku ya mapumziko.

Mlinzi Getini: Mimi kidole gumba ndicho huvimba na kuwa chekundu nikila nyama choma. Nako ni viatu?

Mnyoosha Viungo: Kaka, wewe kapime asidi ya yuriki. Hiyo ni habari nyingine.

Mama Wodi 4: Miaka 11 na yeboyebo zangu, sijachomwa. Ila matroni mpya naye ameanza kuziangalia vibaya.

Mwenye uzi: Sasa nikipata kiatu kizuri, kisigino kitapona?

Mnyoosha Viungo: Kiatu peke yake, sikuahidi. Kabla hujashuka kitandani, vuta vidole vya mguu kuelekea goti, hesabu mpaka kumi, rudia mara kumi. Wengine huchukua miezi. Ukianza kuhisi ganzi, au kisigino kikiuma hata umelala, nenda ukaonwe.

Mwenye uzi: Nimekikunja sasa hivi. Kimejikunja katikati kama chapati! Jumamosi nikitoka zamu napitia pale dukani, nikikunje mbele ya wateja wake, aniambie tena habari za uzito.