Vidonge vya damu vimenifunga choo, naombeni ushauri

Wapendwa nina mimba ya miezi mitano, kliniki wamenipa vidonge vya kuongeza damu, wiki ya pili sasa choo cheusi kama mkaa halafu kigumu kama cha mbuzi jamani. Nesi kasema ule weusi ni madini ya chuma ambayo mwili haujayafyonza, nisiogope, ila kikiwa laini kinanata kama lami na kinanuka vibaya niwahi hospitali maana inaweza kuwa damu. Mi kinachonitesa ni kufunga choo, nilikuwa nashushia na chai ya rangi kumbe chai inazuia chuma kisiingie, sasa nameza usiku baada ya kula, maji mengi na papai, afadhali kidogo. Kuna aliyeruhusiwa na daktari kuruka siku moja moja au akabadilishiwa aina? Kuacha siachi, damu yangu ni 9.