Kulipa ada kwa awamu: barua yenye ratiba ipi niipeleke ofisi ya fedha?

BintiNewala

Habari za jioni wadau, na shikamoo kwa wakubwa. Niko mwaka wa kwanza kwenye chuo kimoja hapa Mtwara mjini. Ada ya mwaka ni 1,200,000. Michango ya usajili nimeshalipa, ada yenyewe sijaigusa. Mkopo wa Bodi sikupata. Tangazo la chuo linasema asiyeweza kulipa nusu ya ada kufikia 13 Novemba 2026 aandike barua ofisi ya fedha, aeleze atalipa kiasi gani na lini. Mitihani ya muhula wa kwanza inaanza 8 Februari 2027.

Nina ratiba tatu, sijui niandike ipi.

Ya kwanza: 300,000 kila tarehe 9, kuanzia Novemba hadi Februari.

Ya pili: 200,000 sasa, 600,000 tarehe 11 Desemba baba akishalipwa korosho, na 400,000 tarehe 9 Aprili.

Ya tatu: nisilipe kitu sasa, niandike tu kwamba nitamaliza yote baada ya malipo ya korosho.

Baba yuko Newala. Ameshapeleka kilo 260 AMCOS, na kama kilo 220 nyingine bado zinaanikwa nyumbani. Mama ana 200,000 mkononi leo, na kikoba chao kinavunjwa mwezi wa tatu. Naombeni mawazo.

ChikongolaBoy

Chukua ya kwanza. Ofisi inapenda mafungu yaliyo sawa, mhasibu akiangalia mara moja anaelewa. Tena ukishapokelewa barua hawawezi kukuzuia mtihani, wewe tayari umetoa taarifa.

PoaSana

Boom likitoka si unalipa? Kwa nini ujisumbue na barua? Mimi boom langu ndiyo lililipa kila kitu mwaka jana.

BintiNewala

Kaka PoaSana, mkopo sikupata kabisa, hata hiyo fedha ya kujikimu. Nimekata rufaa, nasubiri.

MamaLigula

Mwanangu BintiNewala, nimekaa dirisha la mapato la chuo miaka mingi, nikwambie barua hizi zinavyosomwa. Mhasibu hasomi kwanza shida zako. Anashuka moja kwa moja kwenye jedwali la tarehe na kuangalia mambo matatu: umeweka nini leo, hadi siku ya mtihani utakuwa umefika kiasi gani, na jumla ya mafungu yako inalingana na deni lililo kwenye mfumo. Kimojawapo kikikosekana, barua inawekwa pembeni.

Ratiba ya tatu haina hata kimoja. "Baada ya korosho" si tarehe. Iache.

Ya kwanza, anayoisifia ChikongolaBoy, ni kweli inasomeka haraka. Lakini fungu la mwisho ni tarehe 9 Februari, siku moja baada ya mitihani kuanza. Tarehe 9 Desemba ni Sikukuu ya Uhuru, ofisi na benki zimefungwa. Tarehe 9 Januari ni Jumamosi. Halafu unaahidi 300,000 Novemba hii wakati mkononi una 200,000. Ukikosa fungu la kwanza kabisa, hakuna atakayeamini la pili.

Na kaka, kupokelewa barua si kukubaliwa. Muhuri wa "imepokelewa" unathibitisha siku uliyoileta, basi. Kinachokuingiza mtihanini ni jibu la kukubaliwa, na salio lako kufikia kiwango ambacho chuo kimeweka. Nimeona wanafunzi wanakuja na nakala yenye muhuri asubuhi ya mtihani, jina halimo kwenye orodha.

Ya pili ndiyo yenye akili, ila hiyo 600,000 ya Desemba inanitia shaka. Wanaojua korosho waseme.

MdauTandahimba

Naam, hapo kwenye Desemba na mimi nimesimama. Dada, fedha ya korosho haitoki mnadani kwenda mfukoni kwa baba. Mzigo unapimwa AMCOS, baba anapewa stakabadhi, unasafirishwa ghala kuu, unaingia kwenye orodha ya mnada, unauzwa. Mnunuzi analipa, fedha inapitia chama kikuu, inashuka AMCOS, ndipo inaingia akaunti ya mkulima ikiwa imeshakatwa ushuru na makato mengine. Popote hapo inaweza kusimama. Mkiona mnada umefanyika Ijumaa msihesabu kwamba Jumatatu fedha ipo.

Kwa hiyo zile kilo 260 zilizo AMCOS zihesabu, zina stakabadhi. Kilo 220 zinazoanikwa usiziweke Desemba. Zikifika ghalani zikakutwa na unyevu zinarudishwa, na mvua za huku ndiyo hizo zinaanza. Zipeleke Januari.

Na bei msipige ya juu. Msimu wa 2024/25 minada ya mwanzo ilivuka 4,000 kwa kilo, watu wakapanga maisha kwa bei hiyo. Nyie kadirieni 2,500 mkononi. 260 mara 2,500 ni 650,000. Je, nyumbani hawali? Hawana wapalilizi wa kulipa? Usiahidi 600,000 kwenye 650,000.

KakaNachingwea

Mimi mdogo wangu yuko chuo, tunamlipia kwa ufuta. Muombe baba alime ufuta, fungu la mwisho ulipeleke mwezi wa sita. Sisi ndivyo tulivyofanya, hakuna aliyetusumbua.

MamaLigula

Kaka, kwenu huenda muhula ulichelewa. Ufuta unaingia mnadani kuanzia mwezi wa tano au wa sita, na wakati huo mwanafunzi yuko karibu na mitihani ya mwisho wa mwaka. Kwa huyu binti Aprili ni salama zaidi, maana kikoba kinavunjwa Machi.

Binti, muulize mama: fedha ya kikoba ni ya ada kweli au ina kazi nyingine? Usiandike tarehe juu ya fedha ya mtu ambaye hajakubali.

BintiNewala

Asanteni sana. Nimeongea na nyumbani. Baba amekubali kutoa 250,000 kwenye zile kilo 260 na 350,000 kwenye zile 220. Mama amekubali 400,000 ya kikoba. Nimeandika upya:

> Tarehe: 2 Novemba 2026
>
> Mhasibu Mkuu,
> Ofisi ya Fedha.
>
> Kupitia kwa: Mshauri wa Wanafunzi
>
> YAH: MAOMBI YA KULIPA ADA KWA AWAMU, MWAKA WA MASOMO 2026/2027
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, namba ya usajili ______. Ada ninayodaiwa ni shilingi 1,200,000. Sikupangiwa mkopo na Bodi ya Mikopo, na rufaa yangu bado haijajibiwa. Mzazi wangu ni mkulima wa korosho wilayani Newala na hulipwa kadiri mazao yanavyouzwa mnadani.
>
> Kwa sababu hiyo siwezi kulipa nusu ya ada kufikia 13 Novemba. Naomba kulipa kama ifuatavyo:
>
> Ijumaa 6 Novemba 2026: 200,000
> Ijumaa 11 Desemba 2026: 250,000
> Ijumaa 22 Januari 2027: 350,000
> Ijumaa 9 Aprili 2027: 400,000
>
> Kufikia 22 Januari nitakuwa nimelipa 800,000, kabla ya mitihani ya muhula wa kwanza. Rufaa ikikubaliwa, nitaleta taarifa ofisini ili ratiba hii irekebishwe.
>
> Naambatisha nakala ya stakabadhi ya AMCOS. Naomba jibu kwa maandishi.
>
> Wako mtiifu,

MdauTandahimba

Hapo sawa. Stakabadhi ndiyo shahidi wako, imeonyesha kilo na tarehe.

ShanganiMkazi

Mimi naona korosho uziondoe. Mambo ya nyumbani ya nini? Akijua baba ana kilo zote hizo atasema uza ulipe. Andika tarehe na kiasi, inatosha.

MamaLigula

Ndugu ShanganiMkazi, kuna maofisa wa namna hiyo, sikatai. Lakini mtu asiyeeleza fedha inatoka wapi anaulizwa dirishani, mbele ya foleni. Mimi ningeacha sentensi moja kama alivyoiweka.

Binti, barua iko vizuri. Naipenda ile 800,000, maana nusu ya ada ni 600,000 na umeivuka. Hata Januari ukipungukiwa laki na nusu bado uko juu ya nusu. Nafasi hiyo usimwambie mtu, iwe yako. Ila sentensi ya rufaa iongezee kidogo: useme kwamba mkopo ukitoka na Bodi ikalipa ada moja kwa moja chuoni, unaomba ulichozidisha kihamishiwe mwaka unaofuata. Vinginevyo kitakaa tu kwenye akaunti yako hadi uanze kukifuatilia.

Kuna jambo moja ambalo haliko kwenye barua na ndilo linalokwamisha wengi. Kabla hujalipa ile 200,000, muulize mhasibu kumbukumbu namba ya malipo imetengenezwaje. Ikiwa bili imewekwa ilipwe kamili, ukijaribu kuweka 200,000 kwa simu au benki inakataa, wewe unadhani mtandao mbovu. Mwombe aifungue ipokee malipo pungufu, au akutolee namba nne, moja kwa kila fungu. Za namna hiyo huwa na tarehe ya kuisha, kwa hiyo ya Aprili usiichukue leo.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Kama kufikia tarehe 10 hujajibiwa, rudi na nakala hiyo, usisubiri tarehe 13.

ChikongolaBoy

Mama, nimekuelewa kuhusu muhuri. Swali: akichelewa fungu moja, tuseme Desemba, anaanza upya?

MamaLigula

Inategemea chuo. Vingine vinatoza faini ya kuchelewa hata kama una ratiba, vingine haviitozi mradi tarehe zako umezifuata. Aulize siku anayopeleka barua. Akiona mwanzoni mwa Desemba AMCOS haijalipa, aandike barua fupi kabla ya tarehe 11, ataje fungu la Desemba tu na tarehe mpya. Barua ikija kabla ya tarehe husomwa tofauti kabisa na ikija baada.

ShanganiMkazi

Na lugha je? Chuo nilichosoma mimi barua za ofisini ziliandikwa kwa Kiingereza tu.

BintiNewala

Tangazo letu limeandikwa kwa Kiswahili, fomu ya usajili kwa Kiingereza. Mshauri wa Wanafunzi anapatikana kesho saa nne, nitamuuliza nikienda kusainiwa. Kumbukumbu namba nimeiangalia kwenye akaunti yangu sasa hivi: bili ni moja, 1,200,000 yote. Kwa hiyo naanzia kwa mhasibu au kwa Mshauri?

MamaLigula

Kwa Mshauri. Bila saini yake mhasibu atakurudisha. Ila uwahi, dirisha la fedha vyuo vingi linafungwa mapema kuliko ofisi nyingine.