Mama ana presha, kaambiwa mishipa ya nyuma ya jicho imeharibika daraja la 3, ila anaona vizuri. Hii ina maana gani?

Mwana_Urambo:
Wakuu habari za leo. Mama yangu ana miaka 58, presha anayo kitambo. Dawa yake ni amlodipini miligramu 5, lakini huwa anameza kichwa kikimuuma tu. Jana tulikuja Tabora mjini kutafuta miwani ya kusomea. Pale kliniki ya macho akasoma ubao hadi mstari wa 6/9 macho yote mawili, akawekewa matone, akamulikwa kwa taa. Kadi imeandikwa hivi: ateri nyembamba, vena zimebanwa kwenye makutano, damu zenye umbo la miali macho yote, madoa ya pamba matatu kulia na moja kushoto, kichwa cha neva ya jicho hakijavimba, daraja la 3. Presha 184/112. Miwani hakupewa, kaambiwa aende kwa daktari wa presha akapime na figo. Sisi tulifuata miwani, figo zinaingiaje? Na kama jicho ni bovu, mbona anaona?

Buzebazeba:
Pole mkuu. Mimi presha ikipanda jicho linakuwa jekundu kabisa pale kwenye weupe, damu inaonekana hata kwenye kioo. Baada ya wiki mbili inaisha yenyewe. Msiwe na hofu.

Taa_na_Lenzi:
Buzebazeba, hiyo ni damu ya juu ya jicho, chini ya ngozi laini inayofunika weupe. Hata kikohozi kikali huileta. Ya mama iko nyuma, kwenye retina, yaani utando wa ndani unaopokea mwanga, na hakuna kioo kitakachokuonyesha.

Mwana_Urambo, kadi hiyo imeandikwa vizuri kuliko nyingi, kwa hiyo tuisome. Ina habari za aina mbili: uharibifu wa miaka na uharibifu wa karibuni.

Wa miaka ni ule wa makutano. Ateri ndogo ikipita juu ya vena kwenye retina, zote mbili hufungwa ndani ya ala moja. Presha ikikaa juu muda mrefu, ukuta wa ateri unanenepa na kukakamaa, na kwa kuwa vena haina pa kukimbilia, inabanwa. Fikiria mipira miwili ya kumwagilia bustani, mgumu umelala juu ya mlaini. Mpimaji anaona vena kama imekatika pande zote mbili za makutano. Hiyo haitokei kwa mwezi mmoja, na hata presha ikishuka kwa kawaida hairudi ilivyokuwa.

Wa karibuni ni miali na pamba. Doa la pamba ni sehemu ndogo ya nyuzi za neva iliyokosa damu kwa sababu kishipa kinachoilisha kimeziba, ikavimba na kuonekana nyeupe. Madoa haya hufifia ndani ya wiki kadhaa. Kwa hiyo mama akiwa nayo leo, vishipa vimekuwa vikiziba siku hizi hizi, si miaka mitano iliyopita.

Anaona vizuri kwa sababu hakuna doa lililoangukia katikati kabisa, pale tunaposomea. Ubao wa herufi unapima hapo tu. Usitumie 6/9 kujifariji.

Mjukuu_wa_Ujiji:
Hiyo ni sukari, si presha. Damu kwenye retina ni kisukari, na tiba yake ni mionzi ya leza. Daraja la 3 ni karibu na upofu.

Taa_na_Lenzi:
Nusu uko sawa. Sukari nayo inatoa damu na madoa ya pamba, kwa hiyo apimwe sukari akiwa hajala. Lakini tazama umbo. Damu ya presha mara nyingi iko tabaka la juu, inafuata nyuzi za neva, ndiyo maana inachanuka kama mwali. Ya sukari mara nyingi iko chini zaidi, kwa hiyo inakuwa nukta au doa la mviringo, na huandamana na vivimbe vidogo vya mishipa. Kadi haijataja vivimbe hivyo. Madoa ya pamba hutokea pia kwa upungufu mkubwa wa damu na kwa VVU, kama hajapima apime.

Leza hapa haina kazi. Presha ikidhibitiwa, miali na pamba hufutika zenyewe. Na madaraja haya si ngazi za upofu. Madaktari Keith, Wagener na Barker waliyapanga mwaka 1939 kutabiri nani atakufa mapema, na enzi hizo dawa za kufaa za presha hazikuwepo.

Mwana_Urambo:
Sasa umenitisha kaka. Na figo?

Taa_na_Lenzi:
Retina ni mahali ambapo mishipa midogo inaonekana wazi bila kupasua mtu. Presha iliyoziba vishipa vya jicho inapita pia kwenye figo na ubongo. Ndiyo maana wanataka kreatinini ya damu, taka ambayo figo huchuja, na protini kwenye mkojo. Si kwamba jicho limethibitisha figo zimeharibika, ila limetoa sababu nzito ya kuzipima. Na moyo achorwe kwa mashine.

Sista_wa_Wodi:
Nikazie jambo moja. Msisubiri kliniki ya mwezi ujao. Macho yote mawili yana damu na pamba, presha ni 184/112: aonane na daktari leo hii.

Mjukuu_wa_Ujiji:
Dharura si mpaka neva ivimbe, daraja la 4?

Sista_wa_Wodi:
Zamani ndivyo ilivyofundishwa. Sasa wengi wanaweka la 3 na la 4 kundi moja kama macho yote yamehusika na presha iko juu sana. Wapo wanaosema 184 bila dalili anaweza kuanzishiwa vidonge na kurudi nyumbani, wengine wanamlaza. Hilo aamue anayemwona. Lakini akianza kuona ukungu, kutapika, kuchanganyikiwa au kichwa kuuma vibaya, hakuna mjadala.

Na tafadhali msimpasulie kidonge cha nifedipini chini ya ulimi kama majirani wanavyoshauri. Presha ikiporomoka ghafla, ubongo na neva ya jicho, vilivyozoea msukumo mkubwa, vinakosa damu. Mtu anaweza kupata kiharusi au kuwa kipofu siku hiyo hiyo. Hata wodini saa za kwanza tunashusha takriban robo tu.

Mwana_Urambo:
Tumepima tena sasa hivi, 178/110. Kichwa hakiumi. Tunaelekea hospitali. Macho arudi lini?

Taa_na_Lenzi:
Wiki 4 hadi 6, awekewe matone tena, na siku hiyo asirudi amejiendesha kwa pikipiki maana ataona ukungu saa kadhaa. Kama pana kamera ya retina, ombeni picha. Kama hakuna, mpimaji achore kwenye kadi kila doa lilipo. Mkikuta pamba za zamani zimefifia ila mpya zimeota pengine, dawa haitoshi au hamezi, hata kama presha ya siku hiyo kliniki imesoma vizuri.

Buzebazeba:
Kwa hiyo na mimi nimulikwe?

Taa_na_Lenzi:
Presha yako ngapi?