Kuchota bei za mazao kwa skripti kila usiku: haki ya mwananchi au kusumbua seva za watu?

dogo_wa_mbozi: Wakuu, kuna tovuti ya umma inaweka bei za jumla za mazao, kila soko na kila zao lina ukurasa wake. Nimehesabu kurasa kama 1,200. Nataka skripti izipitie kila usiku inijazie databesi nione mahindi na maharage yanavyopanda na kushuka. Jamaa mmoja kaniambia huo ni wizi, mwingine anasema cha umma ni cha umma, chota. Nyie mnasemaje?

kodi_na_chai: Wizi wa nini sasa, bei zimewekwa ili zionwe. Mbona ukifungua na simu hakuna anayekuuliza? Weka `time.sleep(1)` katikati ya kila ombi, hiyo ndo adabu, basi. Mimi huwa naendesha 20 kwa mpigo, kila moja inalala sekunde moja, kurasa 1,200 unamaliza ndani ya dakika kama moja hivi unarudi kulala.

shangazi_seva: Mwanangu kodi_na_chai hebu piga hesabu uliyoandika mwenyewe. Skripti 20, kila moja ombi moja kwa sekunde, seva inaona maombi 20 kwa sekunde kutoka kwa mtu mmoja, hiyo sleep yako haioni kabisa. Kikomo kinahesabiwa kwa vidole vyako vyote vinavyogonga mlango kwa pamoja, siyo kwa kila kidole chako peke yake. Na hizi tovuti ndogo za mazao nimezilea, kila ukurasa ukifunguliwa seva inaenda kuulizia databesi yake, ina nafasi chache za kuhudumia watu kwa wakati mmoja, ukizijaza wewe basi aliye na simu kijijini anaona duara linazunguka tu mpaka anakata tamaa.

Dogo, bei zinabadilika mara moja kwa siku, unakimbilia wapi? Ombi moja kila sekunde 3, kurasa 1,200 ni sekunde 3,600, saa moja kamili. Anza saa tisa usiku, saa kumi umemaliza na hakuna aliyejua ulipita.

wakili_mtaani: Suala si kasi tu. Bei ya mahindi si siri ya mtu, sawa, ila angalia ukurasa una nini kingine. Ukikuta jina na namba ya simu ya muuzaji halafu skripti ikazoa vyote ikaweka kwenye databesi yako, hapo umeshakusanya taarifa binafsi, na Tanzania tuna sheria ya 2022 ya ulinzi wa taarifa binafsi, Kenya wana yao ya 2019. "Ilikuwa wazi mtandaoni" haikutoi kwenye sheria moja kwa moja. Chukua soko, zao, kipimo, bei na tarehe, namba za watu ziache huko huko. Na soma masharti ya tovuti, na ile `robots.txt`, faili ambalo tovuti inaziambia skripti zipite wapi na zisipite wapi, wakikataza wamekataza.

kodi_na_chai: robots.txt si sheria ya bunge mkuu, ni ombi tu. Na wengi hawana hata hilo faili, sasa hapo?

shangazi_seva: Hapo uko sahihi nusu. Ni makubaliano, polisi hawaji. Lakini yameandikwa rasmi tangu 2022, RFC 9309, na kuna kitu humo watu wanakiruka: faili lisipokuwepo, yaani ukapata 404, unaruhusiwa kupita, ila ukipata kosa la 500 na kuendelea unatakiwa uchukulie kwamba umekatazwa kila mahali. Ina mantiki, seva imeshindwa hata kukupa faili dogo la maandishi, wewe unataka kuipakia kurasa 1,200? Na `Crawl-delay` haimo kwenye hiyo RFC ila ukiikuta imeandikwa iheshimu, mwenye nyumba kakutajia mwendo anaotaka.

Ila ngoja niseme kinachoniuma mimi, maana mmekaa kwenye sleep tu. Seva haziuawi na sleep fupi, zinauawa na kurudia. Niliwahi kulea tovuti ya taasisi moja ndogo, asubuhi nafika diski imejaa, tovuti imezima. Nafungua logi, IP moja, ukurasa mmoja ule ule, kila nusu sekunde, kuanzia saa saba usiku mpaka saa kumi na mbili. Maombi kama 36,000. Ule ukurasa ulikuwa na rekodi mbovu upande wetu kwa hiyo unatoa 500 kila ukifunguliwa, na huyo bwana kaandika ikishindikana jaribu tena, bila mwisho. Ingejaribu mpaka Krismasi. Na kila kosa lilikuwa linaandika mistari kibao kwenye logi yetu, ndo diski ikajaa. Hakuwa mtu mbaya, kalala zake tu.

Kwa hiyo dogo, kurudia kuwe na mwisho na kuwe na sababu. 404 usirudie, ukurasa haupo. 403 simama kabisa usianze kubadilisha IP, umeambiwa toka. 429 na 503 ndo za kungoja, na ukiona imekuja na `Retry-After` subiri muda ulioandikwa humo siyo ule unaoupenda wewe. Kwa Python:

```python
import requests
from requests.adapters import HTTPAdapter
from urllib3.util.retry import Retry

r = Retry(total=4, backoff_factor=5,
          status_forcelist=[429, 503])
s = requests.Session()
s.mount("https://", HTTPAdapter(max_retries=r))
s.headers["User-Agent"] = "bei-mazao/1.0 (+barua pepe yako hapa)"
jibu = s.get(url, timeout=20)
```

Kama hakuna `Retry-After`, marudio ya kwanza hapo yanaenda papo hapo, halafu inangoja 10, halafu 20, halafu 40, halafu inakata tamaa. Hiyo ya papo hapo inawashangaza wengi, wanadhani ni bagi. Na kurasa tano mfululizo zikikata tamaa zima skripti nzima, tatizo si ukurasa tena, ni seva imelemewa. Barua pepe usiiache, mimi yule bwana ningemwandikia saa hiyo hiyo badala ya kumfungia IP.

mama_nafaka: Jamani mimi nauliza, hizo bei za mtandaoni mnazozigombania zinamsaidia nani? Mimi ninanunua mahindi miaka, nikifika shambani gunia ni lumbesa limefungwa juu kama kilemba, nikifika sokoni wanapima kilo, wengine debe. Mtandao unaandika gunia. Gunia gani? Wateja wananionyesha simu mama mbona wewe unauza ghali.

shangazi_seva: Mama hujatoka nje ya mada hata kidogo. Dogo msikilize huyu. Upande wa Kenya gunia la mahindi watu wanahesabu kilo 90, huku kwetu wengi wanasema 100, ukiweka "gunia" tu umechanganya vitu viwili. Kipimo kiwe na safu yake na yale maandishi kama yalivyokuwa ukurasani uyahifadhi pia:

```sql
CREATE TABLE bei (
  tarehe TEXT, soko TEXT, zao TEXT, kipimo TEXT,
  bei INTEGER, maandishi TEXT, ilichotwa TEXT,
  UNIQUE (tarehe, soko, zao, kipimo)
);
```

Hizo nne za `UNIQUE` hakikisha haziko tupu, maana SQLite ikikuta NULL humo inaona kila mstari ni mpya na inakupitishia nakala.

msee_wa_eldy: Niongeze hapo kwa `bei`, juu hiyo ilinimaliza. Tovuti niliyokuwa nachota, siku hawajakusanya bei wanaweka kistari, siku zingine 0. Code yangu ilikuwa inageuza kistari kuwa 0. Wiki mbili chati inaonyesha vitunguu vimeshuka bei vibaya sana, nikamwambia mpaka bro wangu auze mapema ama avumilie, sikumbuki, kumbe ni wastani umevutwa chini na sufuri. Hakuna soko inapeana kitunguu bure. Kama haikuandikwa weka NULL.

Ingine ni tarehe. Seva yangu iko UTC, cron inarun 23:30, hapa Eldoret tayari ni saa nane na nusu usiku ya siku inayofuata. Nilikuwa natumia tarehe ya seva, so rekodi zote zilikuwa zinabeba siku isiyo yake na sikujua mpaka nikalinganisha na ukurasa kwa macho. Tarehe ya bei toa kwa ukurasa wenyewe, saa ya seva iende kwa `ilichotwa` tu.

dogo_wa_mbozi: Asanteni. Sasa shangazi, skripti ikifia njiani ukurasa wa 700, nikiiwasha upya si inaanza moja tena na zile 700 zinajirudia?

shangazi_seva: Ndo maana unahifadhi ukurasa kwa ukurasa siyo kukusanya vyote kwenye kumbukumbu halafu mwisho ndo uandike. Ukiiwasha inauliza databesi, soko hili zao hili nimeshalichota usiku huu? Kama ndiyo inaruka. Ule ukurasa wa kistari nao uandikie mstari wake wenye bei NULL, la sivyo utaonekana haujachotwa na utaurudia bure. Unamalizia 500 zilizobaki, seva haijagongwa mara mbili kwa uzembe wako. Na zile zilizojirudia kwa bahati mbaya unazimaliza na `ON CONFLICT ... DO UPDATE`.

msee_wa_eldy: Hapo kwa DO UPDATE mimi nakataa shangazi, samahani. Hizi tovuti huwa zinarekebisha bei kimya kimya. Jumanne wanaandika 4,500, Alhamisi unaona Jumanne imekuwa 5,400, mtu aligeuza tarakimu. Ukifanya UPDATE umefuta ushahidi. Mimi naongeza `ilichotwa` kwa ile `UNIQUE`, halafu naweka mstari mpya kama bei imebadilika tu, ile ya zamani inabaki.

shangazi_seva: Sawa, lakini kila hesabu yako sasa lazima ikumbuke kuchukua wa mwisho, na huyu ni mgeni, siku atakayosahau atahesabu Jumanne mara mbili. Mimi bado ningemwanzishia na UPDATE.

msee_wa_eldy: Na mimi bado nakataa 😀

wakili_mtaani: Mmeruka swali moja. Kwa nini asiwaandikie tu wenye tovuti awaombe? Pengine wanalo faili zima la bei, wanampa kwa barua pepe moja na hakuna haja ya kugonga mlango mara 1,200 kila usiku.

kodi_na_chai: Mkuu utaandika barua utajibiwa mjukuu wako akiwa chuo. Anayeomba ruhusa ya kusoma ubao wa matangazo ni nani? Nakubali ile ya 20 kwa mpigo niliteleza, nimeishusha jana, ila hili la kuomba hapana.

shangazi_seva: Mimi nimekaa upande wa pili wa ubao huo, barua kama hizo nilikuwa nazijibu, na mara mbili nilitoa faili. Tofauti na ubao wa matangazo, huu mtu analipia bando kila unapousoma.

dogo_wa_mbozi: Nimeandika barua leo asubuhi. Nimewapa wiki mbili, wakikaa kimya na robots.txt haijakataza naanza, sekunde 3, saa tisa usiku, barua pepe yangu iko kwenye User-Agent. Kodi usinicheke.

mama_nafaka: Na mimi hizo bei ukishazipata utanitumia kwa wasap au mpaka nijue hiyo skuli yenu?

dogo_wa_mbozi: Nitakutumia mama, Mbozi na Tunduma kwanza, na nitaandika kilo ngapi.