Mrejesho: karatasi ya ridhaa ya upasuaji wa ngiri

Niliuliza: "Daktari wa upasuaji amenipa maelezo yake kuhusu ngiri ya kinena niyageuze kuwa karatasi ya ridhaa. Hatari ya maumivu sugu niiandikeje bila kumtisha mgonjwa wala kumficha?"

Nashukuru kwa majibu yenu. Rasimu yangu ya kwanza ilisema "huenda ukapata maumivu", na mzee mmoja niliyemsomea akauliza mara moja, "Ya siku ngapi?" Sasa inasomeka hivi: "Kati ya watu 10 wanaofanyiwa upasuaji huu, takriban mmoja huendelea kusikia maumivu ya kinena kwa zaidi ya miezi 3, kwa wachache huwa makali kiasi cha kuwatatiza kazini." Daktari ameipitisha.

Nisilolitarajia ni kwamba mzee yuleyule alidhani tunazungumzia busha, kwa hiyo sentensi ya kwanza sasa inaeleza kwamba utumbo au mafuta ya tumboni hupenya mahali palipo dhaifu kwenye ukuta wa tumbo, wala si maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani.

Kuhusu njia mbadala, daktari aliandika neno moja tu, "kusubiri". Tumeongeza kwamba mwanamume ambaye ngiri haimsumbui anaweza kusubiri chini ya uangalizi, ingawa wengi hatimaye hufanyiwa upasuaji, na kwamba uvimbe ukikataa kurudi ndani, ukauma sana na mgonjwa akaanza kutapika, aje hospitali saa hiyohiyo.