POC ya dhahabu inahamahama, nishike ipi?

Kijana wa Chati: Wakuu, naombeni msaada. Nacheza dhahabu, XAUUSD, na nimeweka Visible Range Volume Profile, ile inayoonyesha kila bei imefanyiwa biashara kiasi gani. Asubuhi mstari wa POC, yaani bei iliyofanyiwa biashara zaidi, ulikuwa 2,341. Nikivuta chati nyuma kuangalia wiki iliyopita, unarukia 2,318. Mwenzangu wa broka mwingine anaona 2,345. Nishike upi? Na bei ikigusa hapo, ninunue au niuze?

Mzee wa Pipsi: POC ni sumaku, dogo. Bei lazima irudi pale ilipouzwa zaidi. Ikigusa kutoka juu nunua, stop losi dola tatu chini.

Bi Mkubwa: Kurudi hurudi mara nyingi, Mzee, ila "lazima" hapana. Trendi ikikolea, POC inaachwa nyuma wiki kadhaa.

Kijana, chombo hicho kinahesabu mishumaa inayoonekana kwenye skrini tu. Ukivuta chati, umebadilisha hesabu. Tumia Fixed Range: anzia pale bei ilipoanza kuzunguka, ishia kabla ya mshumaa uliovunja. Tuseme ilizunguka siku tatu kati ya 2,330 na 2,350, POC ikakaa 2,341. Hapo katikati ndipo wanunuzi na wauzaji walipokubaliana, na kila dili lina pande zote mbili, kwa hiyo urefu wa mstari haukuambii nani atashinda. Ukiingia pale pale, bei itakuzungusha juu chini mpaka stop ya dola tatu iliwe. Mimi nasubiri pembeni, kwenye mipaka ya eneo la bei lililobeba asilimia 70 ya biashara yote. Ikitoka juu, ikashindwa kukaa na kurudi ndani, nauza. POC nachukulia faida.

Tofauti yako na mwenzako ni ya data. Dhahabu ya spoti, ya bei ya papo hapo kama XAUUSD, haina soko moja, kwa hiyo broka anahesabu ni mara ngapi bei imebadilika kwake, siyo wakia zilizouzwa. Linganisha na GC, dhahabu ya mikataba ya baadaye kwenye soko la COMEX, mikataba halisi ya wakia 100. Bei yake kwa kawaida iko juu ya spoti, toa hiyo tofauti kwanza.

Mama Hisa, Nairobi: Mimi niko NSE, nina Safaricom. Hapa voliumu ni ya kweli, lakini POC yangu ya miezi mitatu imetokana na siku moja tu. Nayo ni POC?

Bi Mkubwa: Kwa hesabu ndiyo, dada, lakini huenda ni dili moja kubwa la taasisi. Steidlmayer, aliyebuni Market Profile kule Chicago, alikuwa anahesabu muda, siyo kiasi: kila nusu saa inaandikiwa herufi kwenye bei iliyoguswa. Kwa njia hiyo dili moja haliwezi kujenga mlima. Jaribu kuiondoa siku hiyo uone kilele kitabaki wapi.

Mzee wa Pipsi: Sikubali. Taasisi ikinunua pale, pale ndipo itakapolinda.

Bi Mkubwa: Au muuzaji wake ndiye aliyejua zaidi. Chati haikuonyeshi.

Kijana wa Chati: Nimeweka Fixed Range Jumatatu hadi Jumatano, sasa nikivuta haihami. GC nikitoa tofauti inanipa 2,342. Je, POC ya leo ikipishana na hii ya siku tatu, ipi ina nguvu?

Bi Mkubwa: Mimi naipa uzito ya siku tatu, ila wanaofunga dili siku hiyo hiyo wanafuata ya leo. Wewe unashikilia muda gani?