Spika inavuma simu ikiwa kwenye chaja: naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nina spika yenye amplifaya ndani, plagi yake ina pini tatu, na naiunganisha na simu kwa waya wa sauti wa milimita 3.5. Nikichomeka chaja kwenye simu, spika inaanza kuvuma mfululizo. Nikichomoa, kimya.

Mwanzoni nilidhani waya hauna kinga nzuri, nikanunua mwingine mnene wenye wavu wa shaba. Mvumo haukupungua hata kidogo. Kisha nikachaji simu kwa pawabenki na kuilaza chaja, ikiwa kwenye umeme, juu kabisa ya waya wa sauti: kimya. Hilo ndilo lililonifanya niamini kelele haipiti hewani, bali inatoka kwenye chaja, inapita kwenye simu na kufuata wavu wa waya hadi ethi ya spika. Kukata ethi ya spika sitaki, ni hatari.

Maswali yangu ni mawili: kuweka kitransfoma cha kutenganisha sauti kwenye waya huo kutamaliza tatizo, au nibadilishe chaja kwanza? Na je, kitransfoma hicho kitapunguza besi?